Risiti ya kituo haimjui ng'ombe mgonjwa

Mfugaji mdogo wa maziwa akitaka kujua hali ya banda lake hutazama karatasi anayopewa na kituo cha kukusanyia maziwa: lita za wiki hii, lita za wiki iliyopita. Zikilingana, moyo unatulia. Ubishi wangu ni kwamba utulivu huo hauna msingi. Karatasi ya kituo inajua lita tu, haijui zimetoka kwa ng'ombe gani, na ng'ombe hawaugui kwa jumla. Huugua mmoja mmoja.

Tuchukue banda la ng'ombe watatu, la aina iliyojaa kwenye vihamba vya Machame, ambako ng'ombe hawachungwi bali huletewa majani, vigogo vya migomba na pumba hapo hapo walipo. Malkia amezaa wiki tatu zilizopita. Neema yuko mwezi wa nne tangu azae. Zawadi yuko mwezi wa saba wa kukamuliwa na tayari ana mimba. Wiki ya kwanza Malkia anatoa lita 97, Neema 84 na Zawadi 49. Jumla lita 230. Wiki ya pili Malkia anatoa 109.5, Neema 73.5 na Zawadi 47.5. Jumla lita 230.5.

Kwa karatasi ya kituo, banda limeongeza nusu lita. Kumbe Neema amepoteza lita kumi na nusu ndani ya siku saba, na pengo lake limezibwa na Malkia bila mtu kuona. Malkia naye hajafanya muujiza wowote. Ng'ombe aliyezaa hupanda maziwa siku hadi siku mpaka afike kilele, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya nane, kisha huanza kushuka polepole mpaka siku ya kukaushwa. Banda lolote lenye ng'ombe waliozaa kwa nyakati tofauti lina mmoja anayepanda na mwingine anayeshuka, kwa hiyo jumla yake inaweza kukaa palepale hata kama kuna anayeumwa.

Ndiyo maana jedwali la maziwa lazima liwe na mstari wa kila ng'ombe kwa kila siku. Hilo wataalamu wa ugani wamelisema mpaka sauti zikakauka, na wafugaji wengi wanalikubali. Ninapotofautiana na wengi ni katika kinachofuata: hesabu gani ifanywe juu ya namba hizo, na lini jedwali lipige kelele.

Desturi iliyozoeleka ni kutafuta wastani wa wiki wa kila ng'ombe, kuulinganisha na wa wiki iliyopita, na kuweka alama nyekundu ukishuka kwa asilimia 10. Ni hesabu nzuri, lakini si kengele. Tumtazame Neema kwa karibu. Wiki ya kwanza wastani wake ulikuwa lita 12 kwa siku, na hizi ndizo siku zake za wiki ya pili. Safu ya mwisho, niliyoiita Kawaida, ni wastani wa siku saba zilizotangulia, bila kuihesabu siku yenyewe.

| Siku | Asubuhi | Jioni | Jumla | Kawaida |
|---|---|---|---|---|
| Jumatatu | 6.5 | 5.5 | 12.0 | 12.0 |
| Jumanne | 6.0 | 5.5 | 11.5 | 12.0 |
| Jumatano | 6.5 | 5.5 | 12.0 | 12.0 |
| Alhamisi | 5.5 | 4.5 | 10.0 | 11.9 |
| Ijumaa | 5.0 | 4.5 | 9.5 | 11.6 |
| Jumamosi | 5.0 | 4.5 | 9.5 | 11.4 |
| Jumapili | 5.0 | 4.0 | 9.0 | 11.0 |

Tatizo lilianza Alhamisi. Lakini ukichukua wastani wa siku saba unaoishia Alhamisi hiyo utapata lita 11.6, yaani pungufu ya asilimia 3 tu kutoka 12. Siku moja mbaya imemezwa na siku sita nzuri. Ijumaa wastani unafika 11.4, Jumamosi 11.0, na ni Jumapili jioni tu unapogusa 10.5 na kuvuka asilimia 10. Siku nne zimepita. Kama ni ugonjwa wa kiwele, siku nne ni muda wa kutosha kwa robo moja ya kiwele kuharibika kiasi cha kutorudi tena kwenye uzalishaji wake wa zamani. Kama ni ndigana kali, siku nne zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya ng'ombe aliyetibiwa na ngozi iliyoanikwa.

Sasa linganisha jumla ya siku na Kawaida. Alhamisi Neema alitoa 10.0 mahali palipotarajiwa 11.9, pungufu ya asilimia 16. Ijumaa alitoa 9.5 mahali pa 11.6, pungufu ya asilimia 18. Sheria inayosema "siku mbili mfululizo chini ya asilimia 85 ya kawaida yake" inalia Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya wastani wa wiki kuzinduka.

Kwa nini siku mbili, si moja? Kwa sababu ng'ombe si bomba. Anaweza kushuka leo na kesho akarudi, na mara nyingi kuna sababu isiyo ugonjwa. Ng'ombe akiwa kwenye joto hutembea-tembea, hula kidogo, huzuia maziwa, kisha kesho yake anarejea kama hakuna kilichotokea. Sababu nyingine ya kawaida kabisa ni saa. Ng'ombe wa lita 12 hutengeneza takriban nusu lita kila saa, usiku na mchana. Ukimkamua saa 11 alfajiri na saa 10 jioni, mchana una saa 11 na usiku una saa 13, ndiyo maana asubuhi unapata 6.5 na jioni 5.5. Siku ya harusi ukamkamua saa 6 mchana ili uwahi shughuli, jioni hiyo itapungua lita mbili nzima. Lita hizo hazikupotea, utazikuta kwenye ndoo ya kesho alfajiri, lakini jedwali linalolia kwa siku moja litakuwa limeshapiga kelele. Na jedwali linalolia ovyo husikilizwa wiki mbili tu, baada ya hapo hakuna anayelitazama.

Siku moja ya kushuka isiandikiwe tahadhari, lakini isipuuzwe pia. Itie alama ndogo. Ikiwa ng'ombe bado hajapandishwa na alama hiyo inajirudia baada ya siku 21 hivi, umepata kidokezo cha joto ambalo huenda halikuonekana kwa macho, hasa kwa ng'ombe anayefugwa peke yake ambaye hana mwenzake wa kumpanda.

Kwa anayetumia simu au kompyuta, kazi yote hii inahitaji fomula nne. Safu ni A Tarehe, B Ng'ombe, C Asubuhi, D Jioni, E Jumla, F Kawaida, G Shuka, H Tahadhari, na I Sababu. Mstari mmoja ni ng'ombe mmoja kwa siku moja.

```
E2: =IF(COUNT(C2:D2)=2, C2+D2, "")
F2: =IFERROR(AVERAGEIFS(E:E, B:B, B2, A:A, ">="&A2-7, A:A, "<"&A2), "")
G2: =IF(COUNT(E2:F2)<2, "", IF(AND(E2<0.85*F2, F2-E2>=1), 1, 0))
H2: =IF(AND(G2=1, COUNTIFS(B:B, B2, A:A, A2-1, G:G, 1)=1), "ANGALIA", "")
```

Hakuna safu ya wastani wa wiki, na sijaisahau. Kawaida ya Jumatatu ni wastani wa wiki iliyoishia jana yake, kwa hiyo anayetaka kulinganisha wiki na wiki asome Jumatatu tu. Mwenye daftari la karatasi anaweza kufanya yaleyale kwa kalamu: kila Jumatatu aandike juu ya ukurasa wa kila ng'ombe wastani wa wiki iliyopita na, pembeni yake, namba ambayo akishuka chini yake siku mbili mfululizo ataitwa mtaalamu. Kwa Neema namba hiyo ilikuwa 10.2. Ukiijua kabla, huhitaji kikokotoo bandani.

Fomula ya kwanza ndiyo yenye siri kubwa zaidi. Inakataa kujumlisha mpaka asubuhi na jioni zote ziwe zimejazwa. Aliyesahau kuandika jioni ameacha nafasi wazi, na nafasi wazi si sifuri. Kompyuta inajua tofauti hiyo: wastani unaruka seli tupu, lakini sifuri unaihesabu. Weka sifuri moja kwenye jumla ya Neema na wastani wake wa wiki unashuka kutoka 12 hadi zaidi kidogo ya 10, kisha kwa siku saba zinazofuata Kawaida yake inakuwa ya uongo, ya chini mno, na katika siku hizo anaweza kuugua kweli bila tahadhari yoyote kutokea. Sifuri iandikwe siku ile tu ng'ombe alipokamuliwa na hakutoa kitu.

Sheria hiyohiyo inahusu maziwa yanayomwagwa. Ng'ombe aliyedungwa dawa ya kuua bakteria ana siku za kusubiri ambazo maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi, na idadi yake imeandikwa kwenye chupa ya dawa. Watu wengi siku hizo hawaandiki chochote, kwa hoja kwamba maziwa hayakwenda popote. Lakini hapa hatuandiki mauzo. Siku za matibabu ndizo unazotaka kujua zaidi kama lita zinarudi, kwa hiyo pima, andika, kisha mwaga. Maziwa ya ndama nayo yapimwe. Ndama anayepewa lita 4 kwa ndoo anakunywa theluthi ya maziwa ya mama wa lita 12, na siku atakapopunguziwa, jedwali lililohesabu ya kuuza peke yake litaonyesha mama ameongeza maziwa, jambo ambalo halikutokea.

Nusu ya pili ya fomula ya tatu, ile inayodai pungufu isiwe chini ya lita 1, ipo kwa ajili ya ng'ombe wa lita chache, kama Zawadi atakavyokuwa akikaribia kukaushwa. Mabandani tunapima kwa jagi au kopo na kukadiria kwa nusu lita, na povu linasaidia kudanganya. Kwa ng'ombe wa lita 12, nusu lita ni asilimia 4, kitu kidogo. Kwa ng'ombe wa lita 3 ni asilimia 17, kwa hiyo jicho lililoteleza kidogo kwenye jagi linatosha kuwasha taa nyekundu. Mizani ya kuning'iniza ni bora kuliko jagi kwa sababu povu halina uzito wa kutaja: pima ndoo tupu, pima ndoo yenye maziwa, toa. Kilo moja ya maziwa ni pungufu kidogo ya lita, kwa kuwa lita ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Chagua kilo au lita uendelee nayo hiyohiyo mwaka mzima. Kuchanganya ndiko kunakoharibu.

Sasa ni Ijumaa jioni na mbele ya jina la Neema pameandikwa ANGALIA. Kitu cha kwanza cha kutazama si Neema. Ni majina mengine. Malkia ameendelea kupanda, Zawadi yuko palepale alipo. Kwa hiyo maji, chakula, mkamuaji na jagi, vitu wanavyovichangia wote watatu, havina kesi. Tatizo liko kwa ng'ombe mmoja. Kama wote watatu wangeshuka siku ileile ningeanzia kwenye pipa la maji. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na kwa kila lita anayotoa ng'ombe anahitaji lita kadhaa za kunywa. Bomba la kijiji likikatika na mtu akabeba ndoo mbili badala ya sita, lita zitashuka banda zima kabla hujasikia mlio wa njaa. Baada ya maji ningeuliza kama gunia jipya la pumba limefunguliwa, kama mabua ya mahindi kutoka tambarare yamechukua nafasi ya majani mabichi, na kama aliyekamua jana ni yuleyule wa siku zote. Mkamuaji mgeni anaweza kuacha maziwa kiweleni kwa sababu ng'ombe hajamzoea, hajayaachia yote.

Kwa Neema mambo yanakwenda hivi. Anakula? Anacheua? Pua imekauka? Joto la mwili lipimwe kwa kipimajoto cha njia ya haja kubwa. Kwa ng'ombe mkubwa kawaida ni kama nyuzi 38.5, na inayozidi 39.5 asubuhi na mapema, kabla jua halijachoma, inatosha kumpigia simu mtaalamu wa mifugo bila kusubiri. Kisha kiwele. Kabla ya kukamua, mikamuo ya kwanza ya kila chuchu iingie kwenye kikombe cheusi au chenye kitambaa cheusi mdomoni, ambako mabonge madogo meupe yanaonekana hata kama ni mawili. Kama hayaonekani, bado kuna ugonjwa wa kiwele uliojificha, ambao hauleti uvimbe wala mabonge, na dalili yake ya mwanzo huwa ni huku kupungua. Huo hutafutwa kwa kipimo kiitwacho CMT, kilichobuniwa Kalifonia mwaka 1957 na bado hakijapata mshindani kwa unafuu: kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu, maziwa kidogo, dawa kiasi hichohicho, zungusha. Maziwa mazima yanabaki majimaji. Yenye seli nyingi za ugonjwa yanavutika kama ute. Kwa Neema vikombe vitatu vinabaki majimaji na cha nyuma kulia kinavutika, na sasa unajua kwa nini lita mbili na nusu zimepotea ilhali anakula vizuri na macho yake yako wazi.

Hapo jedwali limemaliza kazi yake. Halikujua kwamba ni kiwele na halitajua kamwe. Lilichofanya ni kumtoa Neema kwenye kundi na kumtuma mtu kwake siku mbili mapema.

Kuna hila moja ndani ya hesabu hii ambayo sijaona ikisemwa na ambayo inaweza kumponza mtu. Tuseme hakuna aliyetazama, na Jumatatu Neema anatoa tena lita 9. Kawaida yake sasa ni 10.5, maana siku zake mbaya zimeshaingia ndani ya wastani. Asilimia 85 ya 10.5 ni 8.9. Lita 9 ziko juu ya hapo. Tahadhari inazimika yenyewe! Ng'ombe hajapona hata kidogo. Jedwali ndilo limeuzoea ugonjwa na kuuita kawaida mpya. Ndiyo maana ninasisitiza safu ya mwisho, ya Sababu. Neno ANGALIA likishatokea mara moja, kesi haifungwi mpaka mtu aandike pale kilichopatikana: joto, ndama alifunguka usiku akanyonya, kiwele nyuma kulia, maji yalikatika. Safu ya H yenye neno na safu ya I iliyo tupu ni kesi iliyo wazi, hata kama ni ya wiki iliyopita. Na wakati kesi iko wazi, ng'ombe alinganishwe na Kawaida ya siku ya mwisho kabla hajashuka, yaani 12, si na wastani unaomfuata chini.

Upofu wa pili ni wa Malkia. Anayejilinganisha na jana yake ataonekana mzima maadamu hajashuka. Lakini ng'ombe wa wiki ya tatu hatakiwi kusimama, anatakiwa kupanda. Akisimama kwenye lita 14 wiki mbili mfululizo huku bado hajafika kilele, jambo hilo ni zito sawa na kushuka kwa Neema, na sababu mara nyingi ni kwamba maziwa yanadai nguvu kuliko chakula kinavyoleta, mpaka ng'ombe anaanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake na hamu ya kula inakufa. Hakuna fomula kati ya zile nne itakayolia. Kwa ng'ombe wa wiki sita za mwanzo, jicho la mtu lisome Jumatatu kwa Jumatatu, na swali lake liwe kinyume: amepanda kiasi gani?

Kwa kushuka kwa halali, baada ya kilele, ng'ombe wengi hupoteza kati ya asilimia 6 na 10 kwa mwezi, kama asilimia 2 kwa wiki. Zawadi alitoka lita 49 hadi 47.5, asilimia 3, ndani ya makosa ya jagi. Aachwe. Ndiyo sababu sizikubali kabisa zile tahadhari za namba moja kwa wote, za "chini ya lita 8 piga kengele". Kwa namba hiyo Zawadi atalia kila siku ilhali ni mzima, na Neema mwenye robo mbovu hatalia hata mara moja.

Nimeshawahi kuulizwa kama kuandika kila siku si kujitesa, ikizingatiwa kwamba wenzetu Ulaya huandika mara moja kwa mwezi. Ni kweli. Chama cha kwanza cha kupima maziwa ya kila ng'ombe kilianzishwa Vejen, Denmaki, mwaka 1895, mtu akiajiriwa kuzunguka shamba hadi shamba na mizani, na mpaka leo upimaji rasmi katika nchi nyingi hufanyika kila baada ya wiki nne hivi. Kazi yake ni kuchagua mama bora na fahali bora, na kwa kazi hiyo vipimo kumi kwa uzao vinatosha kukisia lita zote za siku 305. Kwa ugonjwa ulioanza Alhamisi, mpimaji wa mwezi ujao hana msaada. Asiye na nafasi ya kuandika kila siku, aandike Jumatatu na Alhamisi bila kukosa kuliko kuandika siku tano kisha akajaza mbili kwa kukisia.

Kukisia ndilo donda lenyewe. Wamiliki wengi wa ng'ombe wanaoishi mjini hawaanzishi jedwali kwa ajili ya ng'ombe, wanalianzisha kumkamata kijana wa bandani. Mama mmoja wa huko Machame alinisimulia alivyoligundua hilo kwake mwenyewe. Alikuta daftari safi ajabu, 12, 12, 12, kurasa mbili nzima. Akamwita kijana, akamuuliza ng'ombe gani huyu asiyebadilika. Kijana akainamisha kichwa: "Mama, nikiandika tisa utasema tatu nimeuza." Alikuwa na haki. Mwezi wa nyuma yake mama alimkata mshahara kwa siku iliyopungua.

Ng'ombe wa kweli hapigi mstari ulionyooka. Hata mwenye afya, aliyekamuliwa na mkono uleule saa ileile, atayumba nusu lita huku na huku. Namba zinazofanana wiki nzima, au zinazoishia zote kwenye sifuri bila nusu hata moja, zimeandikwa jikoni. Na pungufu la wizi kwenye jedwali linafanana na pungufu la kiwele, hakuna hesabu itakayozitofautisha, kwa hiyo anayetumia tahadhari kama hati ya mashtaka atapata daftari zuri na ng'ombe wagonjwa. Yule mama alibadilisha utaratibu: akatangaza kwamba atakayeona lita zimeshuka na kuandika sababu kabla hajaulizwa atapewa kitu kidogo mwisho wa wiki. Daftari likaanza kuyumba, kama inavyotakiwa. Mwenye wasiwasi wa wizi ana njia nyingine, akamue mwenyewe siku moja bila taarifa na kulinganisha, lakini hilo ni shauri la watu, lisipandishwe juu ya mgongo wa ng'ombe.

Limebaki la Zawadi, ambaye siku zake za kukauka zinakaribia. Miezi miwili kabla ya kuzaa ataachishwa kukamuliwa, pumba zitapunguzwa, na lita zitaporomoka kwa makusudi. Siku hiyo kwenye Sababu liandikwe "anakaushwa" na mistari yake ikome, vinginevyo jedwali litapiga kelele mpaka siku ya mwisho. Akizaa, maziwa ya siku tano za mwanzo ni dang'a, ni ya ndama, hayapelekwi kituoni na yasiingie kwenye Kawaida. Mstari wake mpya unaanzia siku ya sita, na Kawaida yake haitegemewi mpaka siku saba nyingine zitimie.